Jina la Ndege Lije Mwisho

  Msikilizaji wangu, kama uko Arusha mjini na dirisha lako liko wazi, huenda umekwisha kuwasikia hondohondo wakipita juu ya miti mirefu. Mabawa yao huvuma kwa nguvu kiasi kwamba mtu aliye chini husikia kabla hajainua macho. Watoto wetu wanakua chini ya mabawa hayo. Lakini mwambie mtoto wa darasa la tatu akuchoree hondohondo, uone. Atakuchorea ndege wa kawaida, mwenye bawa moja juu na jicho la duara, ndege yule yule anayechorwa katika kila daftari.

Leo nataka nikusimulie tunavyotembea na watoto wa miaka tisa kuangalia ndege, tukiwa na karatasi tulizozitengeneza wenyewe kwa mikono yetu. Nitakueleza karatasi hiyo ilivyo, kila sehemu yake inafanya kazi gani, na mambo gani huharibika. Na katika yote nitakayosema, jambo moja ndilo ninalotaka ulishike: jina la ndege lije mwisho.

Nililijua hilo baada ya kukosea. Matembezi yetu ya kwanza nilitangulia mbele na kitabu cha ndege mkononi, na kila kilichoruka nilikitaja. Yule ni shorwe. Yule ni chozi. Wale kwenye nyasi ni yangeyange. Watoto waliandika kwa bidii, wakarudi na majina 19, nami nikafurahi. Wiki iliyofuata nikawauliza swali jepesi: shorwe, ndege tunayemwona kila siku kwenye ua wa shule, chini ya mkia wake ana rangi gani? Hakuna aliyejua. Ni njano, msikilizaji, njano iliyokolea, nawe utaiona leo akitua kwenye mpapai wako. Watoto wale walikuwa wamemwandika, ila hawakuwa wamemtazama. Nilipowapa jina niliwaambia kazi imekwisha, nao wakageukia ndege mwingine.

Basi tukaanza upya, tukiwa na karatasi.

Karatasi yenyewe ni nusu ya karatasi ya kawaida ya kuchapia. Karatasi 12 ukizikata katikati zinatosha watoto 24. Ukimpa mtoto karatasi nzima, upepo wa asubuhi unaipeperusha, na nafasi kubwa inamtia hamu ya kuchora mlima, jua na nyumba. Nyuma yake tunaweka kipande cha katoni, yale maboksi ya sabuni au biskuti tunayopewa dukani, kilichokatwa kwa ukubwa ule ule. Juu tunabana kwa kibanio cha nguo. Penseli imefungwa kwa uzi kwenye tundu la katoni, maana penseli ikianguka kwenye majani mtoto atainama kuitafuta, wenzake watamsaidia, na ndege atakuwa amekwenda zake. Kalamu ya wino hatutumii, kwa sababu umande unaufanya wino usambae. Na ufutio hatubebi kabisa. Mstari uliokosewa unabaki hapo ulipo, unaofuata unachorwa pembeni yake. Baadaye nitakwambia kwa nini ile mistari iliyokosewa ndiyo ninayoitafuta kwanza.

Kwa rula tunagawa karatasi katika vyumba vinne. Cha kwanza kimeandikwa: Yuko wapi? Cha pili: Umbo lake. Cha tatu: Anafanya nini? Cha nne: Swali langu. Chini kabisa tunaacha ukanda wenye upana wa vidole viwili, nao umeandikwa: Jina. Ukanda huo tunaukunja kwenda nyuma na kuufunika kwa katoni. Mtoto anajua upo, ila haukunjuliwi mpaka matembezi yaishe na wote tuwe tumekaa chini ya mti.

Sasa nikupeleke mahali penyewe. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, mwendo wa kilomita zipatazo 15, unafika Tengeru. Hapo, nyuma ya migomba na mibuni, kuna Ziwa Duluti. Ni ziwa dogo lililojaa ndani ya kreta ya volkano ya zamani, msitu umelizunguka, na njia ya miguu inapita kati ya miti na maji. Kwa watoto wa umri huu napendelea hapo kuliko kuingia porini Mlima Meru. Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha kuna nyati, na mtu hatembei kwa miguu bila askari wa hifadhi mwenye silaha. Mtoto anayewaza nyati hawezi kumtazama ndege. Hata Duluti kwenyewe maji yana kina, kwa hiyo kila watoto sita wana mtu mzima wao mmoja, na hakuna anayesogea ukingoni.

Tulifika saa moja asubuhi. Ilikuwa Juni, ukungu bado umelala juu ya maji, watoto wamevaa sweta. Tukawaketisha sita sita mahali ambapo msitu unafunguka na ziwa linaonekana. Hili nalo tulijifunza kwa kukosea. Ndani ya msitu ndege wengi wako juu kwenye majani, wanasikika tu. Mtoto anainua shingo mpaka inamuuma, haoni kitu, na baada ya dakika mbili anaanza kumsukuma mwenzake. Ukingoni mwa maji kuna uwazi, kuna matete, kuna matawi makavu yaliyoinamia ziwa. Ndege akitua pale anaonekana mwili mzima.

Darubini hatukuwapa. Mtoto wa miaka tisa ukimpa darubini atashughulika na darubini, atazungusha kila kinachozunguka, na zamu ya mwenzake haitafika. Tuliwapa kile kibomba cha katoni kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Hakikuzi kitu chochote. Kinachofanya ni kuziba pembeni, ili jicho libaki na tawi moja.

Kisha tukakaa kimya. Hapa usimwambie mtoto awe na subira, maana subira haishikiki na yeye hajui aanzie wapi. Mpe kitu cha kungojea. Mimi huwaambia hivi: tulipofika tumewafukuza ndege kwa kelele zetu, na sasa tunangoja yule wa kwanza atakayerudi. Anayemwona anainua kidole, hasemi neno. Siku ya kwanza kabisa ya mazoezi, kwenye ua wa shule, tulikaa dakika tatu tu. Wiki ya pili tano. Duluti tulikwenda walipokwisha kuzoea dakika kumi. Ukianza na kumi siku ya kwanza, dakika saba za mwisho utazitumia kunyamazisha.

Dakika ya nne kidole kikainuka. Kwenye tawi kavu, kama hatua 20 kutoka tulipokaa, alikuwa ametua ndege mweusi na mweupe, kichwa kikubwa kuliko unavyotarajia kwa mwili ule, manyoya ya utosini yamesimama, mdomo mrefu mweusi kama msumari.

Chumba cha kwanza: Yuko wapi? Mtoto anachora mstari wa maji, anachora tawi, anaweka nukta. Basi. Chumba hiki ni chepesi kwa makusudi, kwa sababu ndege anaweza kuruka wakati wowote, na mtoto aliyekwisha kuweka nukta hawezi kusema hajapata kitu.

Chumba cha pili: Umbo lake. Hapa tunawafundisha kuanza na fimbo, yai na mpira. Fimbo ni mstari mmoja unaoonyesha ndege amekaaje, wima au ameinama. Yai ni mwili, linakaa juu ya ile fimbo. Mpira ni kichwa. Halafu mtoto analinganisha: mpira unaingia mara ngapi ndani ya yai? Mdomo ni mrefu kuliko kichwa au ni mfupi? Maswali hayo mawili yanatosha kulivunja lile umbo la ndege wa daftarini, maana ndege wa daftarini ana kichwa kidogo na mdomo mdogo, na huyu wa tawini anakataa kuingia humo. Nilimwona mtoto mmoja akichora mpira mara tatu, kila mara mkubwa zaidi, mistari ikipandana. Hakuwa na ufutio, kwa hiyo yote mitatu ikabaki. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta. Karatasi safi yenye mstari mmoja laini mara nyingi imechorwa kutoka kichwani. Karatasi yenye mistari iliyokosewa inaonyesha mtoto alitazama, akachora, akatazama tena, akaona si hivyo.

Chumba cha tatu: Anafanya nini? Hapa hawachori, wanahesabu kwa vijiti. Ndege wetu akaruka kutoka tawini, akafika juu ya maji, akasimama angani. Alipiga mabawa pale pale bila kwenda mbele wala nyuma, kichwa kimetulia, mdomo umeelekea chini. Halafu akajiachia, akaingia majini kama jiwe. Akatoka bila kitu. Kijiti kimoja. Akarudia. Katika dakika kumi watoto wengi walimwandikia vijiti sita vya kuzama, na kimoja tu wakakizungushia duara, kwa sababu mara hiyo alitoka na samaki, akampiga piga kwenye tawi kabla ya kummeza. Walipokuwa wakihesabu hakuna aliyezungumza. Walikuwa wanasubiri pamoja naye.

Ndipo ugomvi ukaanza.

Binti mmoja alikuwa amechora mkanda mmoja mweusi kifuani mwa ndege. Mvulana aliyekaa karibu naye alichungulia, akasema amekosea, ni miwili. Binti akasema mmoja. Mvulana akasema miwili, wa juu mnene na wa chini mwembamba, macho yake ni mazima. Wengine wakaingia, wawili huku, wawili huku. Wote wakanigeukia. Mwalimu, ni mingapi?

Msikilizaji, nilijua jibu. Lilikuwa limefika mdomoni. Mama aliyekuwa akinisaidia na kundi lile naye alikuwa amenikazia macho, anangoja niseme. Nikajizuia. Nikawaambia kila mtu aandike idadi yake kwenye chumba cha nne kama swali, kisha tukae tena.

Tulikaa. Tawi likawa tupu kwa muda mrefu, karibu dakika nane. Kima walipita juu yetu, hakuna aliyewashughulikia. Halafu ndege akatua, na mara akatua wa pili, bega kwa bega kwenye tawi lile lile. Nilisikia watoto sita wakivuta pumzi kwa pamoja. Mmoja alikuwa na mikanda miwili. Mwingine alikuwa na mmoja. Na yule binti, aliyekuwa amebishiwa na wenzake, akaona jambo ambalo mimi sikuwa nimelitaja kwa yeyote: ule mkanda mmoja haukuwa mzima, ulikatika katikati ya kifua. Akauchora hivyo, vipande viwili vyenye mwanya.

Tulipokwisha kukaa chini ya mti, ndipo tukakunjua ule ukanda. Wakaandika: mdiria. Kisha nikawaeleza kwamba katika aina hii nyeusi na nyeupe, dume ana mikanda miwili kifuani, na jike ana mmoja ambao mara nyingi umekatika katikati. Wote wawili walikuwa sahihi. Walikuwa wamewatazama ndege wawili wakidhani ni mmoja. Ningetoa jibu mapema, mmoja wao angefuta alichokiona kwa macho yake ili akubaliane na mwalimu, na hakuna ambaye angejua kwamba pale ziwani kulikuwa na mume na mke.

Hapo ndipo jina linapata uzito, msikilizaji. Neno mdiria lilipofika lilikuta mahali pa kukaa. Lilikuta kichwa kikubwa, mdomo wa msumari, vijiti sita vya kuzama, samaki mmoja na ubishi wa mikanda.

Kuchora ili kutazama hatukuanza sisi. Mchoraji na mwanasayansi Jonathan Kingdon alizaliwa hapa kwetu, Tabora, mwaka 1935. Alifundisha sanaa Makerere, akaandika na kuchora mfululizo wa vitabu vikubwa juu ya wanyama wa Afrika Mashariki wanaonyonyesha. Kwake yeye kuchora kulikuwa njia ya kumchunguza mnyama, mstari kwa mstari. Watoto wa miaka tisa hawatachora kama Kingdon, wala hatuwadai hivyo. Ila wanaweza kuanzia pale pale: mkono unakwenda, jicho linarudi kuhakikisha.

Sasa niseme yanayoharibika, maana najua kuna walimu na wazazi wanaonisikiliza ambao wangependa kujaribu Jumamosi hii.

La kwanza ni mtu mzima asiyeweza kunyamaza. Mzazi anakuja kusaidia, anamwona ndege kabla ya mtoto, anampigia kelele: ona yule, ona yule! Basi mtoto anamtazama mzazi. Tangu hapo kila mtu mzima naye tunampa karatasi na penseli. Akiwa na vyumba vinne vya kujaza, mdomo wake unatulia.

La pili ni kunakili. Ukikuta karatasi nne zenye mdomo ulioelekea upande ule ule na kosa lile lile, ujue mmoja alichora na watatu wakamfuata. Dawa yake ni kukalisha watoto wakipeana mgongo kidogo, kila mmoja na tawi lake.

La tatu ni rangi. Tulijaribu mara moja kubeba penseli za rangi, na kila ndege akarudi mwekundu na bluu. Mtoto akiwa na rangi nzuri atataka kuitumia. Sasa tunaandika rangi kwa maneno, na mshale unaoonyesha iko wapi. Mdiria ametufaa sana kwa kuanzia kwa sababu penseli moja inamtosha.

La nne linahusu watoto wenye manati. Unawajua wale wavulana ambao mfukoni wana mpira na panda ya mti. Wengi wetu tunawaacha nyumbani, tukihofia watafukuza ndege. Mimi nimejifunza kuwachukua wao kwanza. Mtoto wa manati anajua kunyata. Anajua ndege hutua tawi lile lile kila asubuhi, anajua akitikisa mkia yuko karibu kuruka. Huyo amekwisha kutazama miaka miwili mitatu bila karatasi. Tulikubaliana na mmoja wao kwamba manati inabaki kwa mwalimu mpaka tukirudi, naye aliweka vijiti vya chumba cha tatu kwa usahihi kuliko mimi. Sitakwambia ameacha kuwinda. Ninachokwambia ni kwamba ujuzi wake ulipata kazi nyingine, na wenzake wakaanza kumwuliza maswali.

Wala huhitaji kufika Duluti. Shule nyingi zina mti mmoja mkubwa unaotosha. Baada ya ziwani tuliendelea kwenye ua wa shule, ambako mnana alikuwa akijenga kwenye tawi lililoning'inia. Safari hii hatukukaa dakika kumi. Tulikwenda kila siku wakati wa mapumziko, karatasi ile ile, mchoro mmoja kwa siku.

Siku ya kwanza ilikuwa pete tu, duara la majani mabichi ambalo dume alikuwa amesimama ndani yake. Siku ya pili pete ilikuwa imepata mgongo, chumba kimeanza. Siku ya tatu kulikuwa na paa na mlango umeelekea chini, na dume ananing'inia hapo kichwa chini, akipiga mabawa na kupiga kelele. Jike mmoja alikuja, akaingia, akatoka, akaenda. Siku ya nne majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya kahawia, na tulipofika tulimkuta dume anakata nyuzi zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, nyumba inashuka chini vipande vipande.

Yule binti wa mkanda mmoja alikuwepo. Kwenye chumba cha nne aliandika: Kwa nini anabomoa nyumba nzuri? Nilijua kwamba madume wa jamii hii hubomoa kiota ambacho majike wamekikataa na kuanza kingine kibichi. Nikamwuliza kama anataka tukunjue ukanda, tuandike jina na tumalize. Akaushika ukanda kwa kidole, ukiwa bado umekunjwa nyuma ya katoni yake, akasema, "Bado, mwalimu. Kesho nataka nione kama ataanza tena."

Kesho yake alikuwa chini ya mti kabla ya kengele. Na kwenye tawi, kama shubiri moja kutoka pale pa zamani, palikuwa na pete ya majani mabichi.